Namba ya siri haitolewi kwa mdomo tu: PIN, OTP na USSD kwenye pesa za simu Uganda

Mama mmoja anayeuza samaki wakavu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, alikuja kibandani kwangu asubuhi akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. Alikuwa na shilingi 412,000 kwenye laini, pesa ya kwenda kuchukulia mzigo. Sasa zilikuwa zimebaki chini ya 32,000. Neno la kwanza alilolisema ni hili: "Baba, namba yangu ya siri sijamwambia mtu. Hata mume wangu haijui."

Nilimwamini, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyemuuliza namba yake na hakuna aliyeisikia. Aliibonyeza mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe, akidhani anamrudishia mtu pesa aliyotumiwa kimakosa.

Nimekuwa wakala wa pesa za simu kwa miaka, na ninachokiona ni kwamba somo la "usimwambie mtu PIN yako" limeshawaingia watu. Matapeli nao wanajua hivyo, kwa hiyo wengi wao hawaiulizi tena. Wanakutengenezea mahali pa kuiandika. Ndiyo maana nataka tuyaelewe maneno haya matatu kwa kazi yanayofanya, kisha tupitie hatua za kufuata. Ukijua kila moja linafungua nini, hutahitaji kukariri orodha ya mbinu za wezi, maana mbinu hubadilika kila mwezi.

Maneno matatu, kazi tatu

PIN ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya namba binafsi ya utambulisho. Sisi tunaiita namba ya siri. Kwa MTN MoMo hapa Uganda ni tarakimu 5, kwa Airtel Money ni 4. Uliichagua wewe, na haibadiliki mpaka uibadilishe wewe. Kazi yake ni moja: kuiambia kampuni "ni mimi, na nimekubali pesa hii iende." Yaani PIN ni sahihi yako. Mtu akiweka sahihi kwenye karatasi asiyoisoma, karatasi hiyo itambana ingawa hakutamka neno. PIN nayo iko hivyo hivyo.

OTP ni namba ya kutumika mara moja. Hii hukuichagua wewe. Kompyuta ya kampuni inaitengeneza papo hapo, mara nyingi tarakimu 4 hadi 6, na kukutumia kwa meseji. Inaishi dakika chache, kisha inakufa. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba laini fulani iko mkononi mwa yule anayeomba jambo fulani sasa hivi. Ukiingiza programu ya MoMo kwenye simu mpya, kwa mfano, kampuni inataka kujua kama kweli wewe ndiye mwenye laini, kwa hiyo inatuma OTP kwenye laini hiyo.

USSD ni kitu cha aina nyingine kabisa. Herufi hizo nne zinataja njia ya mawasiliano kati ya simu yako na mtambo wa kampuni, njia isiyohitaji intaneti wala vocha ya data. Ni zile namba za nyota:

```
*165#
*185#
```

Ya kwanza ni ya MTN, ya pili ni ya Airtel. Ukipiga, menyu inafunguka, unachagua 1, unachagua 2, unaandika kiasi, na mwisho unaulizwa PIN. Ndiyo maana hata simu ndogo ya vitufe inatuma pesa sawasawa na simu kubwa.

Basi kipi hakitolewi? PIN haitolewi kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote, milele. OTP haitolewi kwa mtu yeyote katika zile dakika chache za uhai wake, na ikishakufa haina maana tena. Namba ya USSD ni ya wazi, imebandikwa kwenye kila kibanda cha njano na chekundu nchini. Kumwambia jirani kwamba menyu ya pesa ni *165# ni sawa na kumwelekeza barabara ya soko. Hatari ya USSD iko upande wa pili: si wewe kuitaja, ni wewe kupiga namba ya nyota uliyotajiwa na mtu usiyemjua, au kujibu kidirisha cha USSD ambacho hukukifungua. Huko ndiko mama yetu alikoangukia.

Hatua ya kwanza: jiulize nani amefungua kidirisha

Wengi hawajui kwamba USSD inaanzishwa kutoka pande zote mbili. Wewe unaweza kupiga nyota ukafungua menyu. Lakini mtambo nao unaweza kukurushia kidirisha bila wewe kugusa kitu. Hilo si kosa, ni sehemu ya kazi. Mteja akija kwangu kutoa pesa, mimi naandika namba yake na kiasi kwenye simu yangu ya kazi, kisha kidirisha kinaruka kwenye kioo chake kikimuuliza kama anakubali. Anaweka PIN, pesa inatoka kwake inakuja kwangu, nami namhesabia noti. Duka nalo linaweza kukuomba malipo kwa njia hiyo hiyo.

Sasa fikiria anayeandika namba yako na kiasi hayuko mbele yako na wala hana noti za kukuhesabia. Yuko mahali pengine ana laini ya biashara, na anajua tu namba yako ya simu. Kidirisha kitakuja vile vile. Kinatoka kwenye mtambo halisi wa kampuni, kwa hiyo hakina alama ya ubandia. Ni cha kweli. Uongo uko kwenye maneno unayoambiwa sikioni wakati unakitazama.

Kanuni ninayowapa wateja wangu ni hii: PIN inaandikwa katika hali mbili tu. Ya kwanza, wewe mwenyewe umepiga nyota na kufuata menyu toka mwanzo. Ya pili, umesimama mbele ya wakala au duka, mmekubaliana kiasi, na kidirisha kimekuja saa hiyo hiyo. Kidirisha kingine chochote, hata kiwe kizuri namna gani, kifunge. Bonyeza Cancel, au kitufe chekundu cha kukatia simu. Ukikiacha tu bila kukijibu, baada ya muda mfupi muunganisho unakatika wenyewe na hakuna kinachotoka.

Hatua ya pili: soma kinachosemwa, hasa kitenzi na kiasi

Ninajua ugumu wake. Kidirisha kinakuja mara nyingi kwa Kiingereza, kinakaa muda mfupi, na mtu yuko kwenye simu anakuhimiza. Huhitaji kujua Kiingereza chote. Tafuta vitu viwili: tarakimu za kiasi, na neno la kitendo. Ukiona Pay, Send, Withdraw au Transfer, pesa inatoka kwako. Na kumbuka jambo moja ambalo ningependa liandikwe kwenye kila kibanda: kupokea pesa hakuhitaji PIN. Pesa ikitumwa kwako inaingia yenyewe ukiwa umelala. Kwa hiyo yeyote anayekwambia "weka namba yako ya siri ili upokee", iwe zawadi, mkopo, msaada au marejesho, anakuomba sahihi ya kutoa.

Turudi kwa mama wa samaki, maana kisa chake kinaonyesha yote mawili.

Kwanza ilimfikia meseji: umepokea shilingi 380,000, salio lako jipya ni 455,000. Dakika mbili baadaye ikaja simu, sauti ya kijana mnyenyekevu: "Mama shikamoo. Nimekosea namba moja tu, hiyo ni ada ya mtoto shuleni. Nimeshawapigia kampuni, wanairudisha. Wewe utaona tu kidirisha, kubali na uweke namba yako. Mimi usiniambie hiyo namba, ni siri yako." Sikiliza hilo la mwisho. Anamwonya asitaje PIN! Kwa maneno hayo mama akapata imani, kwa sababu tapeli aliyefundishwa kumwogopa ni yule anayeuliza namba.

Kidirisha kikaja. Kilikuwa na 380,000, kiasi kile kile alichotajiwa. Akaweka namba.

Tulipoketi pamoja nilimfungulia ile meseji ya kwanza. Ilikuwa imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, inayoanza na 07, wakati meseji zake zote za pesa za awali zimepangwa mahali pamoja chini ya jina la huduma, si chini ya namba ya mtu. Halafu nikamwambia, "Mama, tufanye hesabu." Alikuwa na 412,000. Angepokea 380,000, salio lingekuwa 792,000. Meseji inasema 455,000. Hiyo haiwezekani, na kosa hilo tapeli hawezi kulikwepa, kwa sababu hajui una kiasi gani. Anaweza kuiga maneno ya meseji, mpangilio wake, hata namba ndefu ya muamala. Salio lako atalikisia tu.

Kwa hiyo ukipata meseji ya pesa usiyoitarajia, usiihukumu kwa kuitazama. Kata simu ya mtu huyo, piga *165# au *185# mwenyewe, ingia sehemu ya akaunti yako, angalia salio. Itachukua kama dakika moja. Salio likiwa lile lile la jana, hakuna aliyekutumia kitu. Na kama kweli pesa ya mtu imeingia kwako, bado si kazi yako kuirudisha kwa kidirisha. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake. Wao ndio wenye utaratibu wa kurudisha, na wao watakupigia kukuuliza kama unakubali, bila kukuuliza PIN.

Hatua ya tatu: OTP ikija bila kuombwa, nyamaza nayo

OTP inawachanganya watu kwa sababu haionekani kama siri. Imekuja kwa meseji, tarakimu hazina maana, na baada ya dakika tano zimeoza. Mtu akikwambia "samahani, namba yangu ya uthibitisho imeingia kwenye simu yako kwa bahati mbaya, nisomee", unaona kumsaidia hakugharimu.

Lakini OTP haikosei njia. Ikija kwako ujue kuna mtu ameandika namba yako mahali fulani na kudai kuwa yeye ndiye wewe. Kompyuta haikumwamini, ikakutumia wewe swali. Ukimsomea zile tarakimu, umemjibia kwamba ndiyo, huyo ni mimi.

Kinachofuata kinategemea ile OTP ilikuwa ya nini, na hapo soma maneno yaliyotangulia tarakimu. Ikiwa ni ya programu ya pesa, tapeli anafungua akaunti yako kwenye simu yake, na kizuizi kinachobaki kati yake na pesa yako ni PIN peke yake. Ikiwa PIN hiyo ni mwaka wako wa kuzaliwa, basi hakuna kizuizi. Ikiwa ni OTP ya WhatsApp, ile ya tarakimu 6, pesa yako haiguswi; anachukua jina lako na kuanza kuwaandikia dada zako na watu wa kanisani au msikitini kwako: "Nimekwama hospitali, nitumie 200,000 kwenye namba hii." Hapo hasara inawapata wanaokupenda. Nimeshapokea wateja wawili wakituma pesa ya namna hiyo, na mmoja nilimzuia kwa kumwomba tu ampigie huyo ndugu kwa simu ya kawaida kwanza. Ndugu alikuwa shambani, mzima.

Kwa hiyo OTP usiyoiomba hufanyi nayo chochote. Usiisome kwa mtu, usiipige picha, usiitume mbele. Zikija tatu au nne mfululizo ujue kuna mtu anajaribu kwa bidii. Badilisha PIN yako siku hiyo.

Kuna jambo moja linaloleta ubishi kibandani. Ukiomba kutoa pesa kwenye mashine ya ATM bila kadi, unaweza kupewa namba ya muda ya kutolea. Hiyo nayo inakufa baada ya muda, na imetengenezwa uitumie pale mashineni. Tofauti yake na ile ya tapeli ni kwamba umeiomba wewe, kwa kiasi ulichokichagua wewe. Lakini mpaka utakaposimama mbele ya mashine, namba hiyo ni noti taslimu. Usiitaje kwenye simu.

Hatua ya nne: usipige namba ya nyota uliyotajiwa

Kuna namba za nyota zisizohusu pesa kabisa ila zinafungua mlango wa pesa. Hatari kuliko zote kwa sasa ni ya kuelekeza simu zako kwa mtu mwingine. Tapeli anajitambulisha kama fundi wa mtandao, anasema laini yako ina tatizo, piga nyota mbili ishirini na moja nyota, halafu anakutajia namba ya simu na alama ya reli. Ukipiga, kila simu inayokuja kwako inakwenda kwake. Huduma nyingine, WhatsApp ikiwemo, zinaweza kutoa namba ya uthibitisho kwa kupiga simu na kuisoma kwa sauti. Sasa anaisikia yeye. Wewe hujui, unaona tu siku nzima hakuna aliyekupigia.

Kuangalia kama simu zako zimeelekezwa kwingine, piga ya kwanza hapa chini. Kuondoa maelekezo yote, piga ya pili:

```
*#21#
##002#
```

Ya kwanza haibadilishi kitu, inakuonyesha hali tu. Ukiona namba usiyoijua mbele ya simu za sauti, piga ya pili, kisha rudia ya kwanza uhakikishe imeondoka.

Namba nyingine ya kuogopa ni ile ndefu inayoanza kama menyu yako ya kawaida lakini ina nyota nyingi katikati. Menyu ya USSD inaweza kupitwa kwa mkato: badala ya kupiga *165# na kuchagua hatua kwa hatua, unaunganisha machaguo yote kwenye mstari mmoja, pamoja na namba ya mpokeaji na kiasi. Mtu akikutumia mstari huo na kusema "piga hii ujisajili upate bando", unaweza kufika moja kwa moja kwenye swali la mwisho, PIN, bila kuona njiani kwamba unatuma pesa. Piga namba fupi tu, kisha chagua mwenyewe.

Na wewe mwenyewe usijizoeze kuweka PIN ndani ya mstari wa namna hiyo ili kuokoa muda. Unachokipiga chote kinabaki kwenye orodha ya simu ulizopiga. Anayeazima simu yako kumpigia mama yake ataikuta pale.

Hatua ya tano: kibandani

Hapa naongea kama wakala, na naongea nikiwa na uchungu kwa wenzangu wanaokubali tabia hii. Mzee anakuja, macho hayaoni vizuri, ananyoosha simu na kusema PIN kwa sauti huku watu watano wako nyuma yake. Au anatumwa mtoto wa darasa la nne na simu na namba imeandikwa kwenye kiganja.

Mimi siichukui simu hiyo. Namwambia mzee, "Baba, shika wewe, mimi nitakusomea kioo, utabonyeza wewe." Inachukua dakika tatu badala ya moja, na foleni inanung'unika. Mzee asiyeona tarakimu anaweza kufundishwa kwa vidole: kitufe cha 5 kwenye simu ya vitufe kina nundu ndogo katikati, na toka hapo anahesabu vitufe vingine. Wengi wanaweza kabisa, hakuna aliyewahi kuwapa nafasi ya kujaribu. Kwa kutuma mtoto, ni heri umtumie pesa mtu mzima unayemwamini kwenye laini yake, akuletee noti. Utalipa ada kidogo zaidi lakini namba inabaki kichwani mwako.

Kumbuka pia kwamba kwenye simu nyingi PIN unayoiandika ndani ya kidirisha cha USSD inaonekana wazi, haifichwi kwa nukta. Geuka, kinga kwa kiganja. Wakala mwema hatachukia. Na wakala anayo haki ya kukuomba kitambulisho na kukuandika kwenye daftari lake. Kwenye daftari hilo kuna jina, namba ya simu, kiasi. Nafasi ya PIN haipo.

Hatua ya sita: funga laini yenyewe

Huu ni mlango ambao karibu kila mtu ameuacha wazi. Tuseme simu yako imeibwa na ina nywila kwenye kioo. Mwizi hahitaji kuifungua. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na kuanzia hapo OTP zako zote zinaingia kwake.

Dawa ni PIN nyingine, tofauti na ya pesa: PIN ya laini. Iko kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, inaitwa SIM lock au SIM PIN. Ukiiwasha, kila laini inapoingizwa kwenye simu au simu inapozimwa na kuwashwa, inauliza namba hiyo kwanza. PIN ya kuanzia huwa imeandikwa kwenye ile kadi ya plastiki ambamo laini yako ilibanduliwa. Kama umeitupa, waulize huduma kwa wateja kabla hujajaribu kubahatisha. Hapa uwe mwangalifu kweli: ukikosea mara 3 laini inajifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu 8 ambayo kampuni inayo. Ukikosea PUK mara 10, laini imekufa, utaenda kutafuta nyingine. Kwa hiyo iwashe siku ukiwa umetulia, na usiifanye iwe sawa na PIN ya pesa.

Jambo la pili kwenye laini ni jina. Wapo ndugu zetu wengi, hasa waliokuja kutoka Kongo na kukaa Nakivale au Kyangwali, na hata wenyeji waliochelewa kupata kitambulisho cha taifa, ambao laini zao zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mwenye jina ndiye mwenye laini. Siku akienda kuomba laini mbadala kwa kitambulisho chake na alama ya kidole, ya kwako inazima na yake inawaka, na OTP zinamfuata yeye. Ukishapata kitambulisho chako, jambo la kwanza lihamishe jina.

Ukiona laini yako imepoteza mtandao ghafla wakati majirani wa mtandao huo huo wanapiga simu kama kawaida, usikae ukisubiri urudi. Azima simu, piga huduma kwa wateja, uulize kama laini yako imebadilishwa.

Hatua ya saba: kama namba imeshatoka

Hapa dakika ndizo zinazoamua. Kama umetaja au kuandika PIN na pesa bado ipo, usianze kumpigia tapeli kumfokea. Piga *165# au *185#, ingia kwenye akaunti, tafuta sehemu ya kubadilisha PIN, ibadilishe hapo hapo. PIN ya zamani inakufa mara moja.

Kama pesa imeshaondoka, piga 100 kwa laini hiyo hiyo, MTN na Airtel wote wanaitumia namba hiyo. Sema mapema kabisa kwamba umeibiwa na unataka akaunti iliyopokea izuiwe. Uwe na meseji ya muamala mbele yako: namba ya muamala, kiasi, saa, namba iliyopokea. Usiifute meseji hiyo. Kidirisha cha USSD hakibaki kwenye simu, kikishafungwa kimepotea, kwa hiyo meseji ndiyo ushahidi pekee ulio nao. Watakuuliza jina, namba ya kitambulisho, pengine miamala yako ya karibuni. Hayo ni ya haki. Akiuliza PIN, huyo si wao, hata kama anajua jina lako kamili.

Kampuni inaweza kuzuia pesa ambayo bado imelala kwenye akaunti ya mwizi. Ikishatolewa kuwa noti, haiwezi tena, na matapeli huwa na mtu aliyesimama karibu na wakala akisubiri. Baada ya simu hiyo nenda kituo cha polisi kilicho karibu, andikisha, na usiondoke bila namba ya SD, ile ya daftari la kituo. Bila namba hiyo kampuni haiwezi kuendelea na mengi, na ukirudi wiki ijayo hakuna atakayejua unazungumzia nini.

Mama wa samaki alifika kwangu saa moja na nusu baada ya tukio, kwa sababu alikuwa anaona aibu kumwambia mtu. Tulipopiga, akaunti ile ilikuwa imebaki na shilingi 1,500.